Majibu ya Emoji na Stika Katika Muhtasari wa Kikao (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi vyama vya Waswahili wa Kongo na Afrika Mashariki waishio Brussels vinavyojadili mambo yao kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya wanachama kuonana mtaani Matonge, katika manispaa ya Ixelles. Sehemu hii inahusu kazi ya katibu aliyeuliza swali akajibiwa kwa emoji, yaani alama ya picha inayoandikwa kama herufi, au kwa stika, ambayo ni picha inayotumwa peke yake badala ya maneno.

Ichukuliwe kwamba katibu ameuliza, "Tukutane Jumamosi au Jumapili, na nani ataleta chakula?", kisha akapokea dole gumba, viganja viwili vilivyounganishwa na stika ya mtu anayecheza. Dole gumba halionyeshi siku iliyochaguliwa. Viganja vyaweza kuwa shukrani, ombi, dua au kuomba radhi kwa kutofika. Stika yaonyesha furaha tu, wala haimfungi aliyeituma. Kosa hapa ni la swali, kwa kuwa emoji huchukua maana yake kutoka kwa jambo lililoulizwa, na swali lenye mambo mawili haliwezi kujibiwa kwa alama moja.

Kwa hiyo katibu hugawa swali, akauliza kila jambo katika ujumbe wake na kutaja maana ya alama mapema: "Je, utafika Jumamosi saa 8 mchana? Dole la juu ni ndiyo, dole la chini ni hapana." Aliyetuma stika huandikiwa faraghani, "Nikuandike kuwa utafika?", na asipojibu huandikwa kuwa hajajibu, wala hahesabiwi miongoni mwa waliokubali. Katika muhtasari, jibu huandikwa pamoja na swali lake: "Amekubali kufika Jumamosi, kwa dole gumba."

Muda wa kujibu unapokwisha, yafaa kupiga picha ya skrini inayoonyesha majina na alama zao, kwa sababu emoji iliyobandikwa juu ya ujumbe yaweza kubadilishwa au kuondolewa na mwenyewe baadaye, na nakala ya mazungumzo iliyotolewa bila picha haionyeshi stika ilikuwa ya namna gani.

Mwaka 2023 mahakama ya Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba dole gumba la mkulima aliyetumiwa picha ya mkataba wa mbegu za kitani na kuombwa athibitishe lilikuwa kukubali mkataba huo, kwa kuwa hapo awali alikuwa akithibitisha mikataba na mnunuzi huyohuyo kwa majibu mafupi. Jaji alipima swali na mazoea ya pande mbili. Katibu asiye na mazoea kama hayo na mwanachama, hasa panapohusika fedha, hana budi kudai jibu la maneno.

Sehemu ijayo itaeleza majibu ya sauti.