Kipimo cha tansio: video yenye kuonyesha kosa pembeni ya njia ya sawa

Kila mwaka sisi watumishi wa mugodi tunapita ku vizite ya muganga. Wanatazama macho, masikio na mapafu, kiisha wanatupima tansio. Ile hesabu ya tansio muuguzi anaiandika ku fishi kwa sekunde tano, lakini inabaki pale mwaka muzima. Kama iko juu, mutu anaweza kuondolewa ku kazi ya chini ya ardhi, na primi ya shimo inapotea pamoja naye. Kama imeandikwa chini kuliko vile ukweli uko, mugonjwa anashuka tena bila dawa, mpaka siku ataanguka mbele ya wenzake. Sisi wa sendika tumeona yote mbili.

Juu ya ile, tulikubali wakati masomo moja ya wauguzi, hapa kwetu Katanga, ilituomba mutumishi mumoja wa kujitolea. Walimu walitaka kutengeneza video ya kufundisha wanafunzi namna ya kupima tansio. Waliona kama njia ya sawa peke yake haitoshi kuonyeshwa. Walitaka kuweka pembeni yake makosa yenye wanafunzi wanafanya kila siku, ku mukono wa mutu ule ule, na hesabu ionekane chini ya picha. Mwenzetu mutoboaji wa mawe, mwenye miaka 41, alikubali. Nasi tukaomba ruhusa ya kuandika hapa yale tuliyoona, kwa sababu mutu mwenye kukaa ku kiti cha muganga anaweza naye kuyatambua.

Tuanze na kile chombo. Kitambaa kinafungwa ku mukono wa juu, ndani yake kuna mufuko wa mupira wenye kujaa upepo. Upepo ukijaa, unabana mushipa mpaka damu inakatika. Muuguzi anaachia upepo polepole huku anasikiliza kwa stetoskopi. Sauti ya kwanza, tu, tu, tu, inatoa hesabu ya juu. Pale sauti inapotea, ni hesabu ya chini. Njia hii ya kusikiliza ilitolewa mwaka 1905 na muganga Murusi, Nikolai Korotkof, na hata leo ndiyo inafundishwa. Shida yake ni moja: chombo kinatoa hesabu hata kama umekosa. Hakilii, hakiwaki taa nyekundu. Hesabu ya uongo inafanana na ya kweli, ndiyo maana kosa linapaswa kuonyeshwa kwa macho.

Video inaanza na upande wa kosa. Mwenzetu ametoka zamu ya usiku, amefika mbio, na ameketi ku banki bila kitu cha kuegemea. Miguu amepishana. Mukono unaning'inia pembeni. Mwanafunzi anafunga kitambaa juu ya mukono wa ovaroli, anamwuliza, "Papa, watoto ni wangapi? Wanasoma wapi?", na mwenzetu anajibu vizuri, kwa heshima. Hesabu inatokea chini ya picha: 158 juu ya 98. Pale mwalimu anasimamisha picha. Hasemi kitu. Wanafunzi ndio wanapaswa kutafuta, kila mumoja anaandika ku karatasi yake makosa yenye ameona. Kiisha tu ndiyo picha inaendelea.

Upande wa pili ni mutu ule ule, asubuhi ile ile, nusu saa nyuma. Katika ile nusu saa hakuvuta sigara, hakunywa kahawa. Ameenda kukojoa, kwa maana kibofu chenye kujaa kinaweza kupandisha hesabu kwa 10 na hata zaidi. Ameketi ku kiti chenye mugongo, miguu yote mbili chini, akapumzika dakika tano bila mutu kumusemesha. Ovaroli imevuliwa mukono mumoja. Mukono umelazwa ku meza, kitambaa kiko sawasawa na moyo. Ukingo wake wa chini uko vidole viwili juu ya kiwiko, na stetoskopi iko ku mushipa, haikuingizwa chini ya kitambaa. Wanapima mara mbili, wanaachia dakika moja katikati. Hesabu: 137 juu ya 87, kiisha 135 juu ya 85. Katikati yake ni 136 juu ya 86.

Mutu ni ule ule, damu ni ile ile, na tofauti ni 22 ku hesabu ya juu. Na upande wa kwanza hakuna aliyefanya ubaya. Mwanafunzi alikuwa na adabu, alimusalimia mugonjwa na kumuulizia watoto. Lakini kusema wakati wa kupimwa, peke yake, kunaweza kupandisha tansio kwa karibu 10. Ile adabu ingefaa kuja mbele ya kipimo ao kiisha kipimo.

Kosa la mukono wenye kuning'inia, sisi watu wa mugodi tunaweza kulielewa kuliko wengine. Tunajua kama maji yenye kusimama ndani ya tiyo ndefu yanasukuma zaidi kule chini. Damu nayo ni vile. Kila sentimita 10 mukono unashuka chini ya moyo, hesabu inapanda karibu 8. Ukiinua mukono juu ya moyo, hesabu inashuka vilevile. Na kama mugonjwa mwenyewe ndiye anaushikilia mukono hewani, misuli yake inafanya kazi na tansio inapanda. Juu ya ile meza inahitajika, ao mukono wa muuguzi wenye kubeba ule wa mugonjwa. Makosa hayajumulishwi kama bei za soko, moja juu ya ingine, lakini yanasukumana upande mumoja.

Kuna kosa ingine lenye kutugusa sisi: ukubwa wa kitambaa. Ule mufuko wa mupira unapaswa kuzunguka karibu asilimia 80 ya mukono. Kitambaa cha kawaida cha watu wazima kinafaa mukono wenye muzunguko wa sentimita 27 mpaka 34. Mutoboaji ao mubebaji wa mbao mwenye mukono wa kupita pale anahitaji kitambaa kikubwa. Ukimufunga kile kidogo, upepo mwingi unahitajika kubana mushipa, na hesabu inapanda bila ugonjwa. Katika utafiti mumoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2023, watu wenye kuhitaji kitambaa kikubwa walipimwa na kile cha kawaida, hesabu ikapanda karibu 5. Wale wenye kuhitaji kikubwa zaidi, ikapanda karibu 20. Video inaonyesha mwanafunzi akizungusha meta ya mushonaji ku mukono mbele ya kuchagua kitambaa. Inachukua muda mudogo sana.

Mpaka hapa makosa yote yanaonekana. Lakini kuna moja lenye kusikika tu, na ndilo lenye kufanya hesabu ya juu ishuke. Ni kuachia upepo mbio. Sheria ni kushusha sindano kwa hesabu 2 hivi kila sekunde. Katika video waliunganisha stetoskopi na kinasa-sauti, wanafunzi wote wakasikia moyo wa mwenzetu huku wanatazama sindano. Moyo wake unapiga mara 60 kwa dakika, maana mara moja kila sekunde. Ukiachia upepo kwa 10 kila sekunde, sindano inaruka hesabu 10 katikati ya pigo moja na lingine. Sauti ya kwanza yenye ilipaswa kusikika ku 136 inaweza kusikika ku 128. Na sauti ya mwisho, yenye ilipaswa kuenda mpaka 86, unaweza kuipoteza tayari ku 94. Basi hesabu ya juu inashuka kwa uongo, ya chini inapanda kwa uongo. Mutu mwenye 146 ya kweli anaweza kuandikwa 138 na kurudi ku shimo kama muzima.

Ndugu yake wa kosa hili ni kupompa kidogo. Kwa watu wengine wenye tansio kali, sauti inasikika juu kabisa, inanyamaza kwa kitambo, kiisha inarudi. Muuguzi mwenye kusimamisha upepo katikati ya ule ukimya anaanza kusikiliza ku sauti ya pili, na anaandika 150 pale ukweli ni 190. Dawa yake ni vidole. Unashika mushipa wa ku kifundo cha mukono wakati wa kupompa. Pale hauusikii tena ku vidole, unaongeza 30, kiisha ndiyo unaanza kuachia.

Tuliwauliza walimu kama kuonyesha makosa hakutafanya wanafunzi wayashike. Walijibu kama hatari ile iko. Kwa ile picha ya kosa ni fupi, ina alama nyekundu ku kona toka mwanzo mpaka mwisho, na njia ya sawa ndiyo yenye kufunga kila sehemu. Walisema tena kama video haifundishi kidole chenye kufungua upepo. Ile inataka mazoezi, na stetoskopi ya masikio mawili mawili, yenye mwalimu na mwanafunzi wanasikia pamoja na kila mumoja anaandika yake. Zikiachana kwa zaidi ya 4, wanaanza tena.

Jambo la mwisho ni la kalamu. Kwetu tumezoea kusema tansio kwa Kifaransa: 14 juu ya 9, bila kutaja hesabu ndogo. Mwenzetu wa video, mwenye 136 juu ya 86, ukimukata vile anakuwa 14 juu ya 9, na pale hasa, ku 140 juu ya 90, ndiko ugonjwa unaanza kuhesabiwa. Mutu asiyefika ku mupaka anauvuka ku karatasi. Video inafunga na fishi mbili pembeni kwa pembeni. Moja imeandikwa 14/9. Ingine imeandikwa 136/86, mukono wa kuume, ameketi, saa tatu na nusu asubuhi.

Kwa hiyo, ndugu, siku ya vizite fika mapema, pitia choo, vua mukono wa ovaroli, kaa kimya, na omba kwa heshima mukono ulazwe ku meza. Hesabu ikiwa juu, omba irudiliwe siku ingine mbele ya fishi kufungwa, kwa sababu isipokuwa tansio ni kali sana, ugonjwa hausemwi kwa kipimo cha siku moja. Na kama siku mbili mbali mbali, kwa njia ya sawa, bado iko 140 juu ya 90 ao zaidi, basi ni ya kweli. Pale sendika haitagombana na chombo. Tutagombana ili upate dawa, na kazi yenye utaweza.