Kipimo kinasema kelele iko sawa, mbona besi inakunyima usingizi?

Tuseme umehamia keja mpya, ghorofa ya tatu, na ploti ya pili kutoka kwako kuna kilabu. Saa tano usiku umefunga dirisha. Maneno ya wimbo husikii, hata muziki wenyewe huwezi kuutambua. Kinachokufikia ni dum, dum, dum, na glasi iliyo juu ya meza inatetemeka kidogo. Unalalamika, watu wanakuja na kipima sauti, kinasoma 34.5 dBA. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaruhusu 35 ndani ya nyumba ya makazi usiku. Unaambiwa kilabu kiko ndani ya sheria. Wewe nawe hulali.

Si lazima kuwe na hongo wala mashine mbovu hapo. Jibu liko kwenye ile herufi A.

Anza na sauti yenyewe. Sauti ni hewa inayotetemeka. Mitetemo ikiwa michache kwa sekunde, sauti inakuwa nzito. Ikiwa mingi, inakuwa nyembamba. Idadi hiyo huhesabiwa kwa hezi. Ule mdundo wa sabwufa ya matatu uko karibu na hezi 63, na filimbi ya refa inapita 2,000. Desibeli tupu, dB, hupima nguvu ya mtetemo tu. Hazijali kama sauti ni nzito au nyembamba.

Sikio lako linajali sana. Mfereji wa sikio una urefu wa kama sentimita 2.5, na bomba fupi hivyo huvuma kwenye hezi 3,000 na kitu, kama vile chupa inavyovuma ukipuliza mdomo wake. Ndiyo maana mtoto akilia, kilio chake kinakuchoma: sehemu kubwa ya ukali wake iko eneo hilo ambalo sikio hulikuza. Kwenye besi mambo ni kinyume. Sauti ya hezi 1,000 mtu mwenye masikio mazima huanza kuisikia karibu na desibeli 2. Ya hezi 63 inabidi ifike kama desibeli 37 ndipo aanze kuigundua.

Mwaka wa 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell kule Marekani walichapisha michoro ya jambo hili. Waliwasikilizisha watu sauti mbalimbali na kuangalia ni lini mtu anaziona zina ukubwa sawa. Kutokana na kazi ya aina hiyo ikaja mizani ya A: kabla kipimo hakijajumlisha sauti, kinapunguza zile ambazo sikio halizisikii vizuri. Kwenye hezi 1,000 hakipunguzi kitu. Kwenye hezi 125 kinatoa desibeli 16.1. Kwenye hezi 63 kinatoa 26.2. Hiyo ndiyo dBA.

Sasa turudi kwenye keja tufanye hesabu. Ukuta wa mawe huzuia sauti nyembamba vizuri na kuachia nzito, ndiyo maana uimbaji ulibaki nje na besi ikaingia. Chukua kwamba chumbani kuna desibeli 60 kwenye hezi 63, 42 kwenye hezi 125, na kwingine kote ni kimya. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. 60 na 42 hazifanyi 102, kwa sababu kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi, hivyo ile ndogo haifui dafu mbele ya kubwa. Jumla ya desibeli tupu ni 60 na sehemu ndogo tu.

Ipitishe sasa kwenye mizani ya A. 60 inashuka hadi 33.8, na 42 inabaki 25.9. Jumla inakuwa 34.5 dBA. Chumba kilekile, usiku uleule: dB 60, dBA 34.5. Hakuna namba ya uongo hapo. Zinajibu maswali tofauti.

Lakini mbona 34.5 hiyo inauma kuliko 34.5 ya feni? Sababu ya kwanza ni kwamba besi hiyo imeshapita ile 37 ya kuanza kusikika kwa zaidi ya desibeli 20, na hakuna sauti nyingine chumbani ya kuifunika. Ya pili, ukishavuka mpaka huo, besi hupanda haraka masikioni. DJ akiongeza desibeli chache tu, wewe unasikia kama ameongeza nyingi. Ya tatu, namba ya kanuni ni wastani wa saa nyingi, na wastani haujui dum, dum. Feni inavuma moja kwa moja, ubongo unaizoea. Mdundo unakugonga, unanyamaza, unakugonga tena.

Utajuaje kama shida yako ni ya besi? Kipima sauti cha kweli huwa pia na mizani ya C, ambayo haigusi besi sana: kwenye hezi 63 inatoa 0.8 tu. Pima mara mbili palepale, A kisha C. Kwa chumba chetu utapata 34.5 na karibu 59. Tofauti ni kama 25. Wapimaji huanza kushuku besi tofauti ikifika 15 au 20. Ingekuwa ni watu wanaopiga gumzo, namba hizo mbili zingekaribiana.

Apu ya simu usiitegemee hapa. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, na simu nyingi hukata besi makusudi ili upepo usiharibu sauti. Na hata ukiwa na kifaa kizuri, usipime mahali pamoja. Wimbi la hezi 63 lina urefu wa karibu mita 5.4, hivyo chumba cha upana wa mita 2.7 kinabeba nusu wimbi kamili. Besi hujaa kando ya ukuta na kupungua katikati. Kitanda chako kiko ukutani, mpimaji amesimama katikati: mnasikia vitu viwili. Mwambie aweke kipimo pale kichwa chako kinapolala.

Halafu kuna hii ambayo wengi hawaifiki. Jedwali la kanuni hizo za 2009 lina kipimo cha pili kando ya dBA, kinachoandikwa NR. Hiki hakijumlishi kila kitu kuwa namba moja. Kinaangalia kila kundi la sauti, nzito hadi nyembamba, na kila kundi lina kikomo chake. Kwa nyumba ya makazi usiku ni NR 25, ambayo kwenye hezi 63 inaruhusu kama desibeli 55. Chumba chetu kina 60. Kumbe kwa dBA kilabu kimepita, kwa NR kimeanguka kwa desibeli 5 hivi.

Kwa hivyo ukiletewa karatasi yenye namba moja ya dBA, usianze kubishana nayo, maana huenda ni sahihi kabisa. Uliza: NR iko wapi, na hezi 63 ilisoma ngapi?