Pembenne iliyoshinda wanahesabu

Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euklidi wa Aleksandria alijenga jiometria yake juu ya kanuni tano alizoomba zikubaliwe bila uthibitisho. Nne ni fupi, na hazina mgogoro: kwa mfano, kwamba nukta mbili huunganishwa kwa mstari ulionyooka, au kwamba pembe mraba zote ni sawa. Ya tano ni ndefu na nzito. Inasema hivi: mstari ukikata mistari miwili, na pembe mbili za ndani za upande mmoja zikiwa na jumla iliyo chini ya nyuzi 180, basi mistari hiyo miwili ikirefushwa itakutana upande huohuo.

Hakuna aliyesema ni uongo. Tatizo ni kwamba kanuni hii inatoa ahadi kuhusu mahali ambapo macho hayafiki. Chukua mistari miwili iliyoachana kwa mita moja, mmoja ukiwa wima kwa ule unaoikata na mwingine umeinama kwa nyuzi moja tu. Kwa hesabu za Euklidi itakutana baada ya mita 57 hivi. Punguza mwinamo uwe sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi, na makutano yatakuwa zaidi ya kilomita 200 mbele. Nani amekwenda kuangalia? Isitoshe, Euklidi mwenyewe alithibitisha kinyume chake, kwamba pembe mbili zozote za pembetatu hazifiki nyuzi 180. Wasomaji wake waliona kwamba jambo la namna hii lilistahili kuthibitishwa, si kuombwa. Naye alionekana kulikwepa, kwani katika kitabu chake cha kwanza hakulitumia mpaka hoja ya 29.

Miongoni mwa waliojaribu kuithibitisha alikuwa Omar Khayyam, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi. Alichora kitako AB, akasimamisha juu yake pande mbili za wima zenye urefu sawa, kisha akaunganisha ncha zake juu. Ni rahisi kuonyesha kwamba pembe mbili za juu zinalingana. Lakini ni mraba, butu au kali? Zikiwa mraba, kanuni ya tano imethibitika. Khayyam alizikataa butu na kali, ila alifanya hivyo kwa kutegemea kauli kwamba mistari inayokaribiana lazima ikutane, na kauli hiyo ni kanuni ya tano yenyewe iliyovaa nguo nyingine.

Mwaka 1733 Mwitalia Saccheri, padri Mjesuiti, aliishika tena pembenne hiyo. Pembe butu hazikumsumbua sana. Hizo ni za juu ya tufe: ukitoka Nanyuki na Kayabwe, zote zikiwa kwenye ikweta, ukaenda moja kwa moja kaskazini, njia mbili zinazoanza kwa pembe mraba zitakutana nchani kwa pembe ya nyuzi 5 hivi, na jumla ya pembetatu hiyo ni kama nyuzi 185. Ila mstari wa tufe hujizungukia, wakati Euklidi anataka unaorefuka bila mwisho. Pembe kali ndizo zilizomshinda. Alitoa hoja baada ya hoja akisubiri mgongano, na haukuja. Mwishowe alitangaza kwamba matokeo hayo yanapingana na asili ya mstari ulionyooka. Hapo, kwa maoni yangu, hesabu ilikuwa imekwisha na kilichobaki ni chuki.

Karibu miaka mia baadaye Lobachevsky wa Kazan, mwaka 1829, na Mhungaria János Bolyai, mwaka 1832, kila mmoja kwa upande wake, walizikubali pembe kali wakaona zinakopeleka. Mstatili haupo tena. Kupitia nukta iliyo nje ya mstari hupita mistari mingi isiyoukuta kamwe. Na pembe za kila pembetatu hazifiki nyuzi 180.

Upungufu huo una tabia ya ajabu. Katika pembetatu ABC, chora mstari kutoka A hadi nukta D iliyo kwenye upande BC. Zinapatikana pembetatu mbili. Tuseme moja ina jumla ya nyuzi 177 na nyingine 176. Zote pamoja ni 353, lakini pembe mbili za pale D hukaa kwenye mstari ulionyooka, kwa hiyo tunaondoa 180. Pembetatu kubwa inabaki na 173. Upungufu wa 3 na wa 4 umekuwa 7: hujumlishwa kama eneo, na kweli huenda sambamba na eneo. Basi huwezi kuikuza pembetatu bila kubadili pembe zake, na ramani iliyopunguzwa kwa kipimo haiwezi kuwa sahihi kabisa. Eneo lenyewe lina kikomo, kwa kuwa upungufu hauwezi kufika nyuzi 180, hata pande zirefuke vipi.

Mwaka 1868 Beltrami alionyesha kwamba jiometria hii inaweza kuigizwa ndani ya ile ya Euklidi, kwa hiyo mgongano ukipatikana kwa Lobachevsky utakuwamo kwa Euklidi pia. Kanuni ya tano, basi, haiwezi kuthibitishwa kutokana na zile nne.

Dunia yetu inafuata ipi? Lobachevsky alijaribu kupima kwa pembetatu kubwa kuliko zote alizoweza kupata, zinazofika kwenye nyota. Kama upungufu ulikuwapo, ulikuwa mdogo kuliko makosa ya vipimo. Na hapo pana ugumu usioondoka: kipimo kizuri kinaweza siku moja kuonyesha kwamba nyuzi hazifiki 180, lakini hakuna kipimo kitakachoonyesha kwamba ni 180 kamili.