Sahani ya Mtoto Katika Picha

Picha imepigwa kutoka juu: sahani bapa, ugali, maharage yaliyoungwa, mchicha pembeni. Mama anataka kujua kama mlo huo wa usiku unamfaa mwanawe wa miaka minane.

Kabla ya kutaja makundi ya chakula, mtazamaji makini hutafuta kipimo. Picha ya juu huficha kimo cha ugali, na sahani ndogo iliyojaa hufanana na kubwa iliyojaa. Basi mama hushauriwa apige tena, simu ikiwa imeinamishwa ubavuni, na mtoto aweke ngumi yake kando ya sahani. Mkono wake ni kipimo kizuri kwa sababu hukua pamoja naye. Picha ya pili inaonyesha kilichofichika: ugali ni sawa na ngumi zake tatu, maharage yanaenea kiganja chake, mchicha haufiki hata nusu ya ngumi. Tunda hakuna.

Kwa mlo mmoja, ngumi moja hadi moja na nusu ya ugali ni mwanzo mzuri, kitoweo kiwe kadiri ya kiganja, na mboga za majani pamoja na matunda zikaribie nusu ya sahani. Kwa hiyo maharage hayana kasoro. Tatizo ni kile kinachoyazunguka. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage hayafyonzwi kwa urahisi mwilini. Vitamini C ya chungwa, pera au embe huyasaidia, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Nyumba nyingi huwa na chai mezani na tunda halipo, na hapo mtoto hupoteza sehemu ya kile alichokula.

Mchicha nao hudanganya, maana fungu zima hunywea sufuriani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 6 hadi 9 wapate angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, na kijisehemu hiki ni kidogo mno. Kiongezwe kifike ngumi moja, kikiwa na mafuta kidogo yanayosaidia mwili kupokea vitamini A.

Je, ugali upunguzwe? Nisingeanza hapo. Mtoto aliyeshinda akicheza mpira, au aliyekonda, anahitaji nguvu ile. Ongeza kwanza mchicha na nusu chungwa, mpakulie ugali kidogo, kisha aombe nyongeza akiwa bado na njaa.

Picha haionyeshi chumvi, mafuta, wala alichokula mchana shuleni. Haionyeshi pia kilichobaki. Mzazi anayetaka jibu la kweli apige sahani kabla na baada ya kula, kwa siku tatu au nne, moja ikiwa ya mwisho wa wiki, kisha ampelekee afisa lishe wa kituo cha afya pamoja na uzito na urefu wa mtoto.