Saa Moja ya Hesabu Uipeleke Wapi?

Binti mmoja wa kidato cha nne alinijia mwanzoni mwa Septemba na karatasi yake ya moko ya Hesabu. Alama 24. Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Nikamuuliza likizo ya Juni aliitumia kusoma nini.

"Duara, mwalimu. Nadharia zote za duara. Ndiyo mada inayonishinda kuliko zote."

Nikatafuta swali la duara kwenye ile karatasi. Kipengele cha alama nne, kapata sifuri.

Hakuwa mvivu. Alifuata ushauri ambao kila mwanafunzi ameusikia, kwamba usome kile kinachokushinda, na ushauri huo ni theluthi tu ya hesabu yenyewe. Theluthi ya pili ni alama ambazo mada hiyo inabeba kwenye mtihani. Ya tatu, ambayo karibu kila mtu huisahau, ni kasi: ukiitumikia mada hiyo saa moja, inakurudishia alama ngapi? Mkulima mwenye mbolea mfuko mmoja haendi kuumwaga wote kwenye jaruba lenye mwamba eti kwa sababu ndilo lililodumaa kuliko mengine.

Tuanze na alama, maana hizo hazina ubishi. Mtihani wa Hesabu wa kidato cha nne Tanzania, kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni, una maswali 14 ya kujibu kwa saa tatu, na yote ni ya lazima. Kumi ya Sehemu A yana alama sita kila moja. Manne ya Sehemu B yana alama kumi kila moja. Kwa hiyo maswali manne tu yamekalia alama 40. Ukizipanga pasti pepa za miaka mitano mezani utaona pia kwamba maswali hayahamihami ovyo. Sehemu B mara nyingi huangukia takwimu na duara, dunia kama tufe, matriksi na mageuzo, kisha fanksheni na ile mada ya grafu ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo, ambayo wanafunzi huiita linia programu. Sehemu A hubeba zile za awali: sehemu na desimali, vipeo na logi, seti na uwezekano, uwiano na hesabu za biashara, mfuatano, milinganyo na nyinginezo.

Hapa kuna mtego. Swali moja likichanganya mada mbili, alama zake si za mada moja. Duara aliyoitumikia yule binti likizo nzima haikuwa na alama kumi. Katika pasti pepa tatu tulizozifungua, ilikuwa na nne au tano, zilizobaki zikiwa za takwimu. Takwimu yenyewe alikuwa hajaigusa, kwa sababu aliona "anaielewa".

Neno hilo "naelewa" ndilo lililonifanya nikatae kumuuliza anajionaje katika kila mada. Mtu husoma mfano uliokwisha kufanywa kwenye kitabu, kila hatua inamwingia, akafunga kitabu akiamini anaweza. Udhaifu haupimwi kwa hisia, unapimwa kwa kalamu. Nilimpa pasti pepa tatu, moja kila Jumamosi na moja katikati ya wiki, saa tatu kamili mezani bila daftari. Tulisahihisha pamoja, na badala ya kuandika alama alizopata tukaandika alizopoteza, swali kwa swali. Karatasi moja haitoshi, kwani swali moja gumu linaweza kukufanya uonekane mbovu kwenye mada usiyo mbovu. Wastani wake ulitoka 23. Matriksi na mageuzo alikuwa akipoteza tisa kati ya kumi, linia programu na fanksheni tisa vilevile, takwimu nne kati ya sita, duara zote nne, hesabu za biashara nne kati ya sita.

Kwa orodha hiyo peke yake, matriksi na linia programu zingekuwa sawa. Hapo ndipo kasi inapoingia, na kasi nayo haikisiwi. Tulifanya jaribio dogo: kila mada iliyobeba alama nyingi za kupotea ilipewa saa mbili, si zaidi. Siku mbili baadaye alipewa swali jipya la mada ile kutoka pasti pepa ambayo hajaiona, nasi tukahesabu alama ngapi zimerudi. Siku mbili ni za makusudi. Ukijipima usiku uleule unapima kilichobaki kichwani kabla hakijamwagika, na jedwali lako litakudanganya.

Matriksi ilirudisha alama tano kwa saa mbili. Sababu inaonekana ukiitazama kazi yenyewe. Akiambiwa atatue 3x + y = 7 na 5x + 2y = 12 kwa matriksi, anachohitaji ni kuzidisha na kutoa. Diteminanti ni 3 × 2 toa 1 × 5, yaani 1. Kisha x ni 2 × 7 toa 1 × 12, yaani 2, na y ni 3 × 12 toa 5 × 7, yaani 1. Vyote vinagawanywa kwa ile diteminanti, ambayo hapa haibadilishi kitu. Hatua zinafuatana kama za kupika wali, na kila hatua iliyoandikwa inaweza kuwa na alama yake hata jibu la mwisho likikosewa. Mada hiyo pia haikudai mambo mengi ya kidato cha kwanza ambayo yalikuwa yamempita.

Takwimu ilirudisha tatu kwa saa mbili. Linia programu ilirudisha mbili: kuchora mistari aliweza, bali kuigeuza habari ya fundi seremala na viti vyake kuwa milinganyo kulimtoa jasho. Duara ilirudisha sifuri. Ili kuthibitisha kwamba pembe mbili ni sawa, ilimbidi kwanza azione pembe za pembetatu na za mistari sambamba bila kufikiri, naye hakuwa nazo. Saa mbili zingekuwa ishirini.

Ukigawanya, matriksi ilimlipa alama mbili na nusu kwa saa, takwimu moja na nusu, linia programu moja, duara hakuna. Ndiyo hesabu yote. Haihitaji kanuni kubwa kuliko hiyo, na sipendi zile jedwali zinazompa mwanafunzi "uzito wa mada" kwa vipimo vya moja hadi tano, halafu azizidishe. Nambari za kukisia zikizidishwa zinabaki za kukisia, ila sasa zimevaa suti.

Lakini jedwali letu nalo lilikuwa na tundu, na tuliligundua kwa bahati. Nilikuwa nikipitia tena zile karatasi tatu, safari hii nikiandika kando ya kila alama iliyopotea kwa nini imepotea. Katika karatasi moja, alama tisa zilikuwa zimepotea kwa kosa lilelile: kufungua mabano yenye alama ya kutoa mbele yake. Aliandika 5 − (x − 3) kuwa 2 − x badala ya 8 − x. Kosa hilo lilikuwa kwenye milinganyo, kwenye mfuatano, kwenye fanksheni, hata kwenye matriksi pale namba hasi zilipoingia. Hakuna swali la mtihani linaloitwa "mabano", kwa hiyo kwenye orodha ya mada halikuonekana kabisa. Lilikuwa limetawanyika kama mchwa ndani ya boriti. Saa tatu za mazoezi ya mabano na kuhamisha namba upande wa pili wa mlinganyo zilirudisha alama tano, na zilikuwa za maswali manne tofauti.

Tangu siku hiyo simruhusu mwanafunzi atengeneze orodha ya mada pekee. Anatengeneza mbili: wapi alama zilipotea, na kwa kosa gani. Ya pili ndiyo inayofichua msingi uliooza. Inafichua pia pale ambapo maarifa yapo ila muda hautoshi. Saa tatu kwa alama 100 ni kama dakika 11 kwa swali la alama sita. Mwanafunzi anayepata swali lote la vipeo kwa dakika 25 hana haja ya kusoma vipeo tena, anahitaji kuvifanya kwa saa ya ukutani.

Kosa linalofuata ni kuipenda mada iliyokulipa. Matriksi ilipofika alama saba kati ya kumi, binti alitaka kuendelea nayo, kwa kuwa hakuna kitu kitamu kama kupata jibu sahihi. Kipindi kilichofuata kiliongeza alama moja, kingine hakikuongeza kitu. Alama zilizobaki zilikuwa kwenye mageuzo, yaani kuzungusha na kuakisi maumbo, na hizo ni ngumu kuliko za mwanzo. Mada iliyokuwa juu ya orodha ilishuka chini ya takwimu, nasi tukaihama, tukiiachia swali moja kila Jumapili isisahaulike. Orodha hii ni ya wiki moja. Ukiibandika ukutani Septemba ukaifuata hadi Novemba, nusu ya saa zako zinakwenda kwenye mada zilizokwisha kulipa.

Na si ya kuazimana. Mwenye alama 62 anayeitafuta 75 ya daraja A amekwisha kuchuma za chini. Alama zake zilizobaki ziko palepale kwenye duara na mageuzo, na kwa kuwa pembe anazijua, duara inaweza kumlipa kuliko chochote. Ng'ambo ya mpaka hesabu inabadilika tena. Katika karatasi za Hesabu za kidato cha nne Kenya, za KCSE, sehemu ya pili ina maswali manane ya alama kumi na mtahiniwa huchagua matano. Huko mada ndefu isiyolipa inaweza kuachwa, mradi tu yale matano yapo. Tanzania, penye maswali yote ya lazima, unachokiacha unakilipia kwa alama zake zote, ingawa bado inaweza kuwa bei nafuu.

Wiki ya mwisho ya Oktoba alifanya pasti pepa mpya kabisa. Alama 43. F ilikuwa imegeuka D, na C huanzia 45.

"Shikamoo mwalimu," alisema kesho yake kabla hata hajaketi, "zimebaki mbili. Nirudi kwenye duara?"

Tukafungua jedwali. Duara bado ilikuwa na alama nne, na bado hapakuwa na saa ishirini. Hesabu za biashara zilikuwa na nne pia, na tatu kati ya hizo alizipoteza kwa kuandika ingizo moja la leja upande usio wake, urari ukakataa kulingana. Akatoa rula, akachora leja.