Mzee anapokumbukwa kwa video: mfano wa Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi

NENGO, Gisenyi – Familia zenye jamaa pande zote mbili za mpaka zimezoea kumkumbuka mzee wao kwa video fupi inayotumwa kwa simu, ili aliye Goma aione hata kama hakuwahi kufika matangani. Nyingi nilizoziona zina kasoro moja: picha zinapita mbio, muziki unafunika sauti, na mtazamaji anamaliza bila kujua marehemu alifanya nini.

Tumchukue mtu ambaye mji huu unamjua. Felicitas Niyitegeka alizaliwa 1934, akaingia katika utumishi wa walei wa Kanisa Katoliki, na mwaka 1994 alikuwa msimamizi wa Kituo cha Mtakatifu Petro hapa Gisenyi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, aliwaficha watu kituoni na kuwasaidia kuvuka kwenda Goma. Mwenyewe alikuwa Mhutu. Aliuawa 21 Aprili 1994 pamoja na aliowalinda, katika makaburi yanayoitwa Commune Rouge. Leo ni miongoni mwa mashujaa wa Rwanda wa daraja la Imena.

Tuseme unaandaa video yake ya dakika nne, na picha uliyo nayo ni moja tu, ya uso. Usiirudie mara kumi. Ioneshe mwanzoni kwa sekunde saba, kisha msimulizi aseme jina, mwaka wa kuzaliwa na kazi yake, basi. Msomaji wa taratibu hutamka maneno kama mia kwa dakika, kwa hiyo ukitaka nafasi ya mashahidi, masimulizi yasizidi maneno 200. Picha zinazofuata zipigwe leo: lango la kituo, barabara ya kuelekea mpakani. Chini yake andika mwaka ulipozipiga, mtu asidhani ni za wakati ule.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wakikosa picha za Aprili 1994, huchukua mtandaoni umati wa watu wenye magodoro vichwani wakiingia Goma. Umati ule ni wa Julai, wakati serikali iliyoendesha mauaji ilipokimbia na raia wengi wakavuka pamoja nayo. Felicitas alikuwa amekwisha kufa miezi mitatu kabla, na watu wake walivuka wachache wachache, kwa siri. Ukiiweka picha hiyo, umewachanganya waliokuwa wakiwindwa na watu wa safari nyingine kabisa. Kwa aliyenusurika, hilo ni jeraha. Afadhali kioo cheusi chenye maandishi.

Mashahidi wawe watatu, kila mmoja nusu dakika. Ukiuliza, “Alikuwa mtu wa namna gani?” utajibiwa kwamba alikuwa mwema na mcheshi, maneno ambayo kila marehemu hupewa. Uliza, “Ulimwona wapi, na alifanya nini?” Mkalishe shahidi karibu na dirisha, uso kwenye mwanga, simu hatua moja kutoka kwake, redio izimwe. Aongee Kinyarwanda au Kiswahili, lugha yoyote inayomtoka bila kujikaza, na tafsiri iandikwe chini. Aliyevushwa mpaka huenda hataki uso wake uzunguke kwenye simu za sokoni. Muulize kabla ya kurekodi. Akikataa, sauti yake inatosha, na jina liachwe.

Katikati ya video weka barua. Kaka yake, Kanali Alphonse Nzungize, alikuwa ofisa wa jeshi, na alimsihi aondoke ajiokoe. Felicitas alimwandikia kwamba hawezi kuwaacha watu 43 walio chini yake. Angependa kufa pamoja nao. Hapa muziki ukome. Maana ya barua ionekane kwenye kioo kwa sekunde 20, mtu asome kwa sauti ya kawaida, asilie kwa niaba ya mtazamaji. Sijaona haja ya kuonesha maiti wala silaha baada ya hapo; tarehe na jina la makaburi vinatosha.

Sala ije mwisho, fupi, kwa sababu video itatazamwa na Wakatoliki, Waislamu na walokole katika nyumba moja. Nimeiandika hivi:

“Mungu, mpokee mtumishi wako Felicitas na wote waliouawa pamoja naye. Wafariji waliobaki bila kaburi la kulilia. Walinde waliovuka, na watoto waliozaliwa ng’ambo kwa sababu mama zao walivushwa. Amina.”

Kisha picha ile ya uso irudi, chini yake 1934–1994, sekunde tano bila sauti.