Shanta, Mstari Mmoja na Taa Iliyohesabiwa Mara Tatu

Mfanyabiashara ana boksi lisilobeba zaidi ya kilo 7. Stoo imebaki na vitu vitatu, na kila kimoja kipo kimoja tu. Taa ya sola ina uzito wa kilo 2 na itampa faida ya shilingi 5,000. Redio ina kilo 3 na faida yake ni 6,000. Pasi ya mkaa ina kilo 4 na faida ya 8,000. Apakie nini ili apate faida kubwa kuliko zote?

Kwa vitu vitatu jibu hupatikana kwa kichwa: redio na pasi, kilo 7 kamili, faida 14,000. Vitu vikifika arobaini, michanganyiko ya kujaribu inapita trilioni moja, na hapo hata kompyuta inachoka. Wanahisabati huliita swali hili tatizo la shanta. Njia maarufu ya kulitatua inatokana na kazi ya Mmarekani Richard Bellman katika miaka ya 1950: hifadhi majibu ya maswali madogo kwenye jedwali, kisha yatumie kujibu makubwa.

Jedwali lenyewe ni rahisi kulielewa. Kila kitu kinapewa mstari wake, na kila mstari una visanduku vya kilo 0, 1, 2 hadi 7. Ndani ya kisanduku tunaandika faida kubwa inayowezekana kwa uzito huo, tukitumia vitu tulivyokwisha kuvifikiria. Kwa kila kitu kipya kuna mambo mawili tu ya kulinganisha. Ama tunakiacha, na faida inabaki ile ya mstari wa juu. Ama tunakichukua: tunarudi nyuma kwa kilo zake kwenye mstari wa juu, tunasoma faida iliyopo pale, na kuongeza faida yake. Kubwa kati ya hizo mbili ndiyo inayoandikwa.

Ugumu ni nafasi. Vitu 1,000 na uwezo wa kilo 100,000 vinadai visanduku kama milioni 100, na kila kimoja kikichukua baiti 8, jedwali linakula takribani megabaiti 800 za kumbukumbu. Lakini kila mstari unasoma ule ulio juu yake tu. Kwa hiyo waandishi wa programu hubaki na mstari mmoja na kuandika juu ya namba za zamani. Megabaiti 800 zinakuwa kilobaiti 800.

Hapo ndipo mwelekeo unapoanza kuwa na maana. Kwenye jedwali zima unaweza kujaza mstari kutoka kulia au kutoka kushoto, na jibu ni lilelile, kwa sababu mstari wa juu umetulia. Kwenye mstari mmoja, namba ya zamani na mpya zinagombea kisanduku kimoja. Namna sahihi ni kuanzia uzito mkubwa na kushuka, W ikiwa uwezo wa boksi na d ikiwa mstari wetu:

```python
for uzito, faida in bidhaa:
    for j in range(W, uzito - 1, -1):
        d[j] = max(d[j], d[j - uzito] + faida)
```

Tuifuate taa peke yake, tukihesabu faida kwa maelfu. Mstari unaanza na sifuri tupu. Tukianzia kilo 7, tunarudi nyuma kilo 2 na kusoma kisanduku cha kilo 5. Bado ni sifuri, kwa kuwa hatujakigusa, basi tunaandika 5. Kilo 6 inasoma kilo 4, nayo bado ni sifuri. Mwishoni mstari ni huu:

```
kilo:   0  1  2  3  4  5  6  7
faida:  0  0  5  5  5  5  5  5
```

Taa moja, faida 5, hata boksi liwe na nafasi kiasi gani. Sasa geuza kitanzi cha ndani kianze chini na kupanda, yaani `range(uzito, W + 1)`. Kilo 2 inasoma kilo 0 na kuandika 5. Kilo 3 nayo inapata 5. Kilo 4 inarudi nyuma hadi kilo 2, lakini safari hii haikuti sifuri. Inakuta 5 iliyoandikwa sasa hivi, na hiyo 5 tayari ina taa ndani yake. Inaongeza taa nyingine na kuandika 10. Kilo 6 inasoma kilo 4 na kuandika 15:

```
kilo:   0  1  2  3  4  5   6   7
faida:  0  0  5  5  10 10  15  15
```

Taa moja ya stoo imehesabiwa mara tatu. Tukiendelea kwa redio na pasi katika mwelekeo huohuo, kisanduku cha kilo 7 kinaishia na 16: taa mbili na redio moja. Mwelekeo sahihi unatoa 14.

Kwa hiyo tukipanda, kitu kinatumika tena, na kikomo pekee ni uwezo wa boksi. Hata hivyo 16 si takataka. Ni jibu sahihi kabisa la swali lingine, la mwenye stoo iliyojaa taa, redio na pasi bila kuisha. Ukiandika kanuni ya swali hilo kwenye jedwali zima, utaona kwamba ukichukua kitu unasoma mstari wake mwenyewe badala ya ule wa juu, na kupanda kwenye mstari mmoja hufanya hivyohivyo. Kinachokwenda kinyume ni kitu chenye uzito sifuri: kisanduku kinajisoma chenyewe mara moja tu, hivyo hata tukipanda, kitu hicho kinahesabiwa mara moja.

Kosa hili huishi muda mrefu kwenye programu kwa sababu halipigi kelele. Programu haikwami, na namba inayotoka inaaminika: faida ya vitu vyote vitatu ni 19, na 16 iko chini yake. Jibu la kupanda haliwi dogo kuliko sahihi hata siku moja; linakuwa kubwa zaidi au sawa. Linakuwa sawa kila wakati iwapo kila kitu kina uzito unaozidi nusu ya uwezo, maana nakala ya pili haina pa kuingia. Anayejaribu programu yake kwa vitu vizito tu ataona kila jaribio limepita. Kipimo ninachokiamini ni kifupi kuliko vyote: kitu kimoja, kilo 1, faida 1, uwezo 5. Ikitoka 1, mwelekeo ni sawa. Ikitoka 5, kitanzi kinapanda.

Lakini kupanda si kosa siku zote. Uliza kuna njia ngapi za kupata shilingi 200 kwa sarafu za 50, 100 na 200, ukiwa na kila sarafu kwa wingi. Hapo unajumlisha njia badala ya kutafuta kubwa zaidi, na lazima upande. Utapata nne: 200 moja, 100 mbili, 100 moja na 50 mbili, 50 nne. Ukishuka, unapata njia moja tu, kwa kuwa kila sarafu imeruhusiwa mara moja. Na stoo ikiwa na taa tatu kamili, si moja wala si bila kikomo, kupanda kunaweza kuzidisha na kushuka mara moja kunaweza kupunguza. Taa hiyo ipitishwe kwenye mstari mara tatu, kila mara kwa kushuka.